Kaharabu, Sandarusi au Bakelaiti: Namna ya Kuisoma Picha ya Tasbihi kabla ya Kulipa

Mnunuzi wa Unguja anayetafuta tasbihi ya kaharabu siku hizi mara nyingi huiona kwanza katika simu. Muuzaji yumo dukani Malindi, au Maskati, au hajulikani alipo; picha nne au tano hufika kwa Watsapu, na chini yake huandikwa maneno mawili yanayopandisha bei: kaharabu asilia. Sehemu hii ya kijitabu inamsaidia mtumiaji aliyefikishwa hapo. Inaeleza picha hizo zinaweza kuthibitisha nini, zinaweza kukanusha nini, na ni picha zipi aombe kabla hajatoa fedha. Mwishoni tunaeleza kwa kifupi mawe ya kuchonga kama akiki, kwa sababu alama moja inayowapotosha wengi katika kaharabu huwa na maana tofauti kabisa katika jiwe.

Kwanza tuyaweke sawa majina. Kaharabu ni utomvu wa miti ya kale uliozikwa ardhini ukawa mgumu kwa muda mrefu sana. Ile ya pwani za Bahari ya Baltiki, ambayo ndiyo iliyoenea zaidi sokoni, ina umri wa zaidi ya miaka milioni 30. Ambari ni kitu kingine: hiyo hutoka tumboni mwa nyangumi na hutumika katika manukato, na wauzaji wengine huyachanganya majina haya mawili, ama kwa kutojua ama kwa kusudi. Sandarusi nayo ni utomvu kama kaharabu, lakini ni mchanga kwa umri. Hutoka kwa msandarusi, mti unaoota pwani ya Afrika Mashariki na Madagaska. Vipimo vya umri vilivyofanyiwa sandarusi ya Madagaska vimeonyesha vipande vingi kuwa na mamia ya miaka tu.

Tofauti hiyo ya umri ndiyo tofauti ya bei, na sisi wa Unguja tuna sababu ya kuijua kuliko wengine. Katika karne ya 19 sandarusi ilichimbwa Mrima, ikavushwa kuja Unguja, ikasafishwa hapa na kupakiwa katika majahazi na merikebu. Wafanyabiashara wa Salem, Marekani, waliinunua kwa wingi kwa kutengenezea vanishi. Richard Burton, aliyefika Unguja mwishoni mwa mwaka 1856, aliandika kwamba sandarusi mbichi, iliyotoka moja kwa moja mtini, iliitwa chakazi, na kwamba wazungu wa mjini walilipotoa neno hilo wakaligeuza kuwa neno lao la punda dume. Iliyothaminiwa ilikuwa ile ya kuchimbwa, ambayo ikishaoshwa hutokeza ngozi yenye vipele vidogo, mfano wa ngozi ya kuku aliyenyonyolewa. Mfanyabiashara wa zama hizo aliitambua bidhaa kwa ngozi hiyo. Lakini ushanga umechongwa na kung'arishwa. Ngozi yote imeondoka. Ndiyo maana sandarusi ikishakuwa tasbihi huweza kupita kwa jina la kaharabu bila ya alama yoyote ya nje ya kuizuia.

Kwa hiyo mnunuzi ana maswali mawili, na si moja. La kwanza: je, kitu hiki ni utomvu wa mti au kimetengenezwa kiwandani? La pili: ikiwa ni utomvu, ni wa kale au mchanga? Picha nzuri hujibu swali la kwanza mara nyingi. Swali la pili hulijibu mara chache sana, na muuzaji anayedai kulijibu kwa picha anadai zaidi ya anachoweza kuonyesha.

Tuanze na vilivyomo ndani ya ushanga. Muuzaji akipata mdudu ndani ya shanga zake, picha ya mdudu huyo hutangulia nyingine zote. Utomvu ulipokuwa ukichuruzika ulikuwa unanata, na mdudu aliyenaswa alipapatika. Kwa hiyo mdudu wa kweli kwa kawaida ni mdogo, amekaa upande, miguu yake imetawanyika, bawa moja limekunjika, na pembeni yake huonekana mikunjo ya utomvu uliomwagika kwa mapigo. Katika kaharabu ya Baltiki wengi wao wamefunikwa upande mmoja na ukungu mweupe kama maziwa. Huko pia huonekana vinyweleo vidogo vilivyoungana mfano wa nyota, vilivyoanguka kutoka kwa mialoni ya kale. Mdudu aliyewekwa na mtu ana sura nyingine: ni mkubwa, yuko katikati kabisa, amekunja miguu kwa adabu kama aliyelazwa, na mara nyingi kiputo cha hewa kimemganda tumboni. Nge mzima ndani ya kidani kikubwa kinachong'aa, kwa bei ya vitu vya kuchezea, hana haja ya uchunguzi.

Lakini mdudu wa kweli hathibitishi kaharabu. Sandarusi ya pwani yetu imejaa wadudu: sisimizi, nyuki wadogo wasiouma, vidudu vya magogo. Wote walinaswa kwa njia ile ile, nao hupapatika vile vile. Ukiona mdudu mdogo aliyekaa ovyo ndani ya utomvu wa rangi ya asali, umejifunza kwamba huenda si plastiki. Umri wake bado hujaujua.

Viputo huwachanganya watu zaidi. Kuna wanaosema kaharabu ya kweli haina kiputo, na wengine husema kiputo ndicho dalili ya ukweli. Kauli zote mbili zina makosa. Kaharabu yenye rangi ya siagi, isiyopitisha mwanga, ni nyeupe kwa sababu imejaa viputo vidogo mno visivyoonekana kwa macho. Kilichoonekana kama maziwa ni wingi wao. Kaharabu angavu nayo huweza kuwa na viputo vichache vinavyoonekana. Cha kutazama ni umbo na mpangilio. Plastiki iliyomiminwa ikiwa majimaji huacha viputo vya mviringo kamili, vyenye ukingo mkali, vinavyoelea vimetengana mfano wa viputo vya soda. Kaharabu ya kushindiliwa, yaani vipande vidogo vilivyopashwa moto na kubanwa pamoja, huwa na viputo vilivyobanwa vikawa virefu na kulala upande mmoja, na kati ya vipande huonekana mipaka myeusimyeusi kama ramani ya mitaa. Hiyo ni kaharabu kwa asili yake, lakini si ushanga uliochongwa kutoka katika kipande kimoja, na mnunuzi ana haki ya kuambiwa hivyo.

Katika kundi la alama za ndani kuna moja ambayo wauzaji huipenda mno: visahani vya dhahabu vinavyometameta kama magamba ya samaki. Huelezwa kuwa ni uthibitisho wa asili. Ukweli ni kwamba visahani hivyo ni nyufa za mviringo, na vingi vyao huzalishwa kwa moto. Mafundi huipasha kaharabu yenye ukungu, zamani katika mafuta na siku hizi ndani ya chungu cha shinikizo, ili ukungu uondoke; ikipoa haraka viputo hupasuka na kuacha visahani. Kwa hiyo visahani vingi, vya ukubwa unaokaribiana, vinaashiria kwamba ushanga umepashwa moto. Kupashwa moto si kosa katika biashara hii, maana ni desturi ya miaka mingi. Kosa ni kuandika kwamba shanga hazikuguswa na moto huku visahani vinaonekana. Zaidi ya hayo, sandarusi nayo ikipashwa namna hiyo hutoa visahani, na plastiki yenye visahani vilivyoigizwa inauzwa pia. Hapo visahani hufanana mno katika kila ushanga.

Alama za moto juu ya ngozi ya ushanga ni somo lake peke yake, kwa sababu moto hutumika kwa makusudi mawili: kuzeesha rangi na kuonyesha ukweli.

Kaharabu ikikaa miaka mingi huiva kwa nje. Rangi ya asali hugeuka kuwa ya kahawia iliyoiva, kisha nyekundu. Rangi hiyo hutafutwa, hivyo kuna wanaozipika shanga katika tanuri ili zizeeke kwa siku chache. Picha ya ushanga kwa mbele haiwezi kuonyesha tofauti. Picha ya tundu inaweza. Tundu la tasbihi iliyotumika kwa miaka mingi limeiva pamoja na ngozi, na ukingo wake umelainishwa na uzi. Tundu lililotobolewa baada ya kupikwa litakuwa na kuta za rangi hafifu, ya njano, na ngozi nyekundu itaonekana kama ganda jembamba juu yake. Ukingo wa tundu katika plastiki hutoa habari nyingine: keekee ikipata moto huiyeyusha plastiki kidogo, ikaacha mdomo laini ulioinuka au kinyuzi kilichoganda. Kaharabu na sandarusi haziachi mdomo huo. Humeguka vipande vidogo, na ukingo wa tundu huonekana kama umeng'atwang'atwa.

Wavu wa nyufa nyembamba juu ya ngozi unahitaji tahadhari. Kaharabu ya zamani huwa nao, kaharabu ya tanuri pia huwa nao, na sandarusi huupata ndani ya miaka michache kwa jua na joto tu. Mtu asiuhesabu kuwa hati ya uzee.

Kusudi la pili la moto ni ile picha ya sindano. Muuzaji huchomeka sindano iliyowashwa, kisha hupiga picha ya doa na kuandika: haiyeyuki, kwa hiyo ni ya kweli. Hapa mnunuzi anapaswa kusimama. Kiigizo kinachopatikana kwa wingi zaidi katika tasbihi nyekundu na za rangi ya mvinyo ni bakelaiti, plastiki iliyovumbuliwa mwaka 1907, ambayo tabia yake kuu ni kwamba ikishaganda haiyeyuki tena. Sindano ikiigusa huacha kidoa cha kuungua tu, na inastahimili kuliko kaharabu yenyewe. Kaharabu ya kweli ikichomwa huweka doa jeupe lenye vijiufa, na hutoa moshi wa harufu nzuri mfano wa ubani. Bakelaiti hutoa harufu kali ya dawa ya kusafishia vyoo. Harufu ndiyo inayotofautisha, na picha haina harufu. Tunawashauri watumiaji wasilifanye jaribio hili nyumbani. Linaharibu ushanga, na baadhi ya plastiki za zamani zilizotengenezwa kwa pamba hushika moto ghafla mkononi.

Jaribio la kusugua nalo limezoeleka: ushanga husuguliwa kwa kitambaa kisha hunyanyua vipande vya karatasi. Jina kaharabu lenyewe limetoka katika Kiajemi kwa maana ya chenye kuvuta majani makavu, na Waarabu leo huuita umeme kwa neno la asili hiyo hiyo. Habari hiyo inapendeza kuisikia barazani, lakini kitana cha plastiki nacho hunyanyua karatasi.

Rangi tumeiacha karibu na mwisho kwa sababu ndiyo inayotazamwa kwanza na ndiyo dhaifu kuliko zote katika picha. Simu hurekebisha rangi kwa hiari yake. Ushanga ule ule, ukipigwa picha chini ya taa ya njano ya dukani, huwa mwekundu. Ukipigwa mlangoni asubuhi huwa wa asali. Omba picha iliyopigwa kivulini mchana, shanga zikiwa juu ya karatasi nyeupe, na sarafu ya shilingi 200 pembeni. Karatasi ikionekana ya njano katika picha, basi rangi ya shanga nayo si ya kuaminiwa. Ukishaipata picha hiyo, tafuta tofauti ndogo baina ya ushanga na ushanga. Utomvu haukufuata kipimo: mmoja utakuwa na wingu upande mmoja, mwingine angavu, mwingine na mstari wa mtiririko. Shanga 33 zenye rangi moja isiyotofautiana zinahitaji maelezo. Kaharabu ya kijani kibichi pia iulizwe swali, kwani sehemu kubwa ya inayouzwa kwa rangi hiyo ni sandarusi iliyopikwa kwa shinikizo.

Sasa tuzitumie alama hizi katika mfano. Tumeutunga kwa ajili ya somo, lakini kila kimojawapo ndani yake ni kitu kinachotokea sokoni. Mama mmoja wa Malindi anataka kumnunulia mumewe tasbihi kabla ya Ramadhani. Muuzaji anamtumia picha za tasbihi mbili, kila moja kwa shilingi 450,000. Ya kwanza ni nyekundu iliyokoza, shanga 33 za mviringo, kipenyo milimita 12, na imeandikwa kaharabu ya kale ya Maskati. Ya pili ni ya rangi ya asali, kipimo hicho hicho, na ndani ya ushanga mmoja mna sisimizi.

Mama anaandika: "Assalamu alaykum, kaka. Tafadhali nipigie picha ya tundu la ushanga kwa karibu, na nyingine umulike tochi ya simu kwa nyuma ya ushanga. Kisha iweke tasbihi juu ya mizani ya sonara uipige picha na uzito wake."

"Waalaykumu salaam, dada. Mizani ya nini tena? Si umeona sindano, haikuyeyuka?"

"Nimeona, kaka, na nashukuru. Hata hivyo naomba uzito."

Picha zinafika. Tasbihi nyekundu, ikimulikwa kwa nyuma, inaonyesha ndani michirizi laini inayozunguka, kama maziwa yaliyokorogwa kidogo tu katika chai, na inafanana katika kila ushanga. Hakuna chembe, hakuna wingu, hakuna uchafu. Mizani inasoma gramu 43 pamoja na imamu na kishada cha nyuzi.

Hapa hesabu ndogo hufanya kazi kubwa. Ushanga wa mviringo wenye kipenyo cha milimita 12, ukiondoa tundu, una ujazo unaokaribia sentimita za ujazo 0.88. Shanga 33 hufika takriban 29. Sentimita moja ya ujazo ya kaharabu, na ya sandarusi vile vile, ina uzito wa gramu 1.05 hadi 1.09, ya bakelaiti hukaribia 1.27; ya kioo hufika 2.5. Basi shanga peke yake zingekuwa gramu 31 kama ni kaharabu, 37 kama ni bakelaiti, na zaidi ya 70 kama ni kioo. Imamu na kishada cha nyuzi katika tasbihi ya ukubwa huu huongeza gramu nne au tano. Kaharabu ingesimama karibu na gramu 36; bakelaiti karibu na 42. Mizani imesema 43. Pamoja na ile michirizi na rangi isiyobadilika, mama ana sababu ya kutosha ya kukataa, na hakuhitaji kuigusa tasbihi. Hesabu hii inafaa kwa shanga za mviringo kamili tu, na kishada kikiwa cha fedha lazima kiondolewe kwanza, kwani kinaweza kuwa na uzito wa shanga kumi.

Tasbihi ya pili inasoma gramu 36. Tundu lake limemegukameguka, hakuna mdomo ulioyeyuka. Sisimizi amelala upande na miguu imetawanyika. Shanga mbili zina wingu na nyingine hazina. Hiyo ni utomvu wa mti, au picha zimekaribia mno kuonyesha hivyo. Ila juu ya ngozi ya shanga kadhaa umeonekana wavu wa nyufa, na hapo swali la pili linarudi: kaharabu au sandarusi? Picha zimefika mwisho wa uwezo wake. Mama hakulipa kwa simu. Aliomba kuiona dukani.

Mbele ya ushanga wenyewe kuna majaribio mawili yasiyo na madhara makubwa. La kwanza ni maji ya chumvi. Chukua glasi yenye mililita 250 za maji, koroga ndani yake gramu 50 za chumvi, ambazo ni kama vijiko vinane vya chai vilivyosawazishwa, hadi iyeyuke yote. Tia ushanga mmoja uliovuliwa uzi. Kaharabu na sandarusi huelea; bakelaiti, kioo na plastiki nyingi huzama. Maji ya bahari ya Forodhani hayatoshi kwa kazi hii, kwa maana chumvi yake ni kidogo na vipande vingi vya kaharabu huzama humo polepole. Zipo plastiki chache nyepesi zinazoelea pamoja na kaharabu, kwa hiyo kuzama ni hukumu na kuelea si hukumu. Ushanga uoshwe kwa maji baridi baada ya hapo.

La pili hutenganisha sandarusi na kaharabu. Weka tone moja la asetoni, ile dawa ya kufutia rangi ya kucha, karibu na tundu ambapo hapaonekani, ngoja nusu dakika kisha bonyeza kwa kidole. Sandarusi mbichi huwa ya kunata na kuacha alama ya kidole. Kaharabu hubaki kavu. Kwa mnunuzi wa Unguja kuna pingamizi ambalo vijitabu vya ng'ambo hulisahau: sandarusi ya kuchimbwa ya pwani yetu ni miongoni mwa ngumu kuliko zote duniani, na ile iliyokaa sana ardhini hustahimili vimiminika vinavyoiyeyusha sandarusi ya nchi nyingine. Ikinata, si kaharabu. Isiponata, jambo bado halijaamuliwa, na kwa bei kubwa kipimo cha maabara kwa miale ya infraredi ndicho kinachotoa jibu.

Tugeukie mawe ya kuchonga kwa ufupi. Akiki na mawe mengine ya pete na vidani hayakuwa majimaji ya kunata yaliyochuruzika mtini. Kwa hiyo kiputo cha hewa cha mviringo, ambacho katika kaharabu hakiamui neno, katika jiwe huamua: ni kioo. Kioo pia huonyesha mikorogo kama sukari inayoyeyuka, na vichongo vyake, ikiwa vilitoka katika kalibu, vina kingo za mviringo na mstari mwembamba wa muungano ubavuni. Kilichochongwa kwa mkono kina kingo kali na mikwaruzo ya chombo ndani ya mifereji. Rangi ya akiki hupashwa moto au hutiwa rangi tangu zamani. Katika picha kubwa, rangi iliyotiwa hukusanyika ndani ya nyufa na kuzunguka tundu ikawa nzito kuliko mahali pengine. Hiyo bado ni akiki, lakini si rangi iliyozaliwa nayo, na bei ifuate hivyo.

Baada ya kukubaliana, risiti isiandikwe tasbihi moja tu. Mwombe muuzaji aandike jina la kitu (kaharabu, kaharabu ya kushindiliwa au sandarusi), kama kimepashwa moto au kutiwa rangi, idadi na kipimo cha shanga, na uzito wake. Muuzaji mwaminifu hupata hasara gani kwa kuandika anachokisema? Sandarusi yenye sisimizi ni pambo zuri lenye historia ya visiwa hivi, na anayeiuza kwa jina lake hana la kuficha. Picha na ujumbe wote wa Watsapu zihifadhiwe katika simu bila ya kufutwa, pamoja na picha za mnunuzi mwenyewe za tasbihi siku aliyoipokea: moja juu ya mizani, moja ya tundu, moja ya ushanga uliomulikwa kwa nyuma. Malalamiko yanayofikishwa kwetu yakiwa na maelezo ya muuzaji, risiti na picha hizo hushughulikiwa kwa kulinganisha kilichoahidiwa na kilichotolewa. Tasbihi isifanyiwe jaribio la sindano wala isirejeshwe kwa muuzaji bila ya kuandikiana kabla malalamiko hayajasajiliwa.